Ncha za Mapanga Katika Pembe za Picha

Wengi mlikuwa pamoja nasi siku ile tulipoonyesha video ya Baraka kwenye ukuta wa darasa. Mnakumbuka mlivyocheka. Picha ilikuwa nzuri, ziwa linang'aa, milima ya Ubwari kule ng'ambo ya ghuba, na mara juu kwenye pembe mbili kitu cheusi kinapepesuka kama masikio ya mbuzi. Mmoja akauliza kwa sauti, «Ni ndege wanaruka pale?» Hapana, si ndege. Ni ncha za mapanga ya droni yenyewe, yaani rafadha zake, zimeingia ndani ya picha. Katika somo hili tutaeleza kwa nini ziliingia, na namna tulivyoziondoa bila kuharibu yale tuliyotaka yaonekane.

Kwanza mjue kwa nini hatukusema tu, «Basi, tupige nyingine.» Video ile ilipigwa mwaka 2024, wakati maji ya ziwa Tanganyika yalipokuwa yamepanda na kuingia katika nyumba za watu kando ya ghuba. Mgeni mmoja aliipiga kwa ruhusa ya wakubwa wa mahali, kiisha akatuachia nakala kwenye kadi. Nyumba nyingine zinazoonekana humo zimeanguka, hazipo tena. Tena siku hizi hakuna mtu mwenye akili atakayerusha droni pale kwa kujipendea. Tangu mwaka 2025 droni za vita zimetumika katika mapigano ya Kivu ya Kusini, na mama zetu wakisikia mlio ule wanaita watoto ndani. Kwa hiyo video hii haiwezi kupigwa mara ya pili. Watu waliohama wanataka kuonyesha mahali paliposimama nyumba zao, na picha iliyo nayo ni hii moja, pamoja na masikio yake ya mbuzi. Sharti tuitengeneze tuliyo nayo.

Droni ile ni ndogo, inaitwa DJI Mini 2, uzito wake gramu 249, iko na mapanga manne kwenye mikono minne, na kamera imening'inia mbele chini. Mapanga mawili ya mbele yako juu ya kamera, kushoto na kuume. Droni ikisimama hewani bila upepo, kamera haiyaoni, maana yako juu kupita mpaka wa picha. Lakini droni haina panga lingine la kuisukuma mbele. Ikitaka kwenda mbele inainama, pua chini mkia juu, ili mapanga yale yale yanayoiinua yaivute mbele pia. Kitabu chake kinasema katika mwendo wa kawaida inaweza kuinama hata digrii 25, na katika mwendo wa kasi, au upepo ukiwa mkali, hata digrii 40.

Sasa shika neno hili, maana somo lote limesimama juu yake: droni inainama, lakini kamera hainami. Kamera imefungwa katika kishikio chenye moteri ndogo ambazo kazi yake ni kuiweka sawa na upeo wa macho, mwili wa droni ufanye unavyotaka. Mfikirie mtu anayetembea kupinga upepo wa mvua, ameshika mwavuli. Anauinamisha mwavuli mbele, lakini macho yake yanatazama njia sawasawa. Akiuinamisha kidogo haoni neno. Akizidisha, ukingo wa mwavuli unashuka hata unaingia mbele ya macho yake. Droni ni vile vile. Mapanga ndiyo mwavuli, kamera ndiyo macho. Na kwa sababu mapanga ya mbele yako pande mbili, hayaingii katikati, yanaingia pembeni juu, kushoto na kuume.

Ukiufuata mwavuli huo utaweza kukisia mengine bila kufundishwa. Droni ikirudi nyuma, inainua pua, mwavuli unalala nyuma, na pembe zinakuwa safi. Ikienda kwa ubavu kuelekea kuume, upande wa kuume unashuka, na ncha moja tu inaonekana, katika pembe ya kuume. Na hili liliwashangaza wengi: hata ikisimama pale pale hewani ncha zinaweza kuonekana, kwa sababu ya upepo. Upepo ukiipiga usoni, sharti iinamie upepo huo ili isichukuliwe. Sisi tunaona imesimama tu, kumbe inapiga mbio kupinga hewa.

Tulipojua hayo tukaitazama video upya, kipande kwa kipande, tukiuliza kila mara: upepo ulitoka wapi? Baraka iko kwenye ukingo wa magharibi wa ziwa. Ubwari iko mashariki, ng'ambo ya ghuba ambayo ramani zinaiita Ghuba ya Burton. Mchana nchi kavu inapata joto upesi kuliko maji, na hewa inavuma kutoka ziwani kuja mjini. Usiku inageuka, inatoka nchi kavu kwenda ziwani. Wavuvi hawahitaji somo hili. Yule mgeni alipiga kipande cha kwanza mchana, kama saa tisa, akisimama ufukweni na kuielekeza droni ziwani, mbele kwa kasi. Basi aliongeza ubaya mara mbili: mwendo wa mbele na upepo wa usoni. Ncha zikaingia pembe zote mbili. Kipande cha pili droni ilisimama inatazama kaskazini, kufuata mstari wa nyumba, upepo unaipiga ubavu wa kuume. Ncha moja tu, ya kuume. Tulifurahi kuona kwamba mwavuli wetu haukudanganya.

Kipande cha tatu kilitupa taabu nyingine, na yafaa tuitaje mapema ili msije mkachanganya. Kilipigwa asubuhi, kamera ikitazama mashariki, jua liko mbele na juu kidogo. Hapo hakuna ncha katika pembe. Iko mistari ya kivuli inayopita upesi upesi katika picha nzima, kama mtu anayepunga mkono mbele ya taa. Hiyo si ncha ya panga, ni kivuli cha panga kikiangukia kioo cha kamera. Namna ya kutofautisha ni rahisi: ncha inakaa pembeni na ina umbo lake, kivuli kinatembea kote na hakina mwisho. Ncha inaweza kukatwa. Kivuli hakikatwi, maana kiko mahali pote. Dawa yake ilikuwa kugeuza droni kidogo kutoka kwenye jua siku ile ile, na kama haikufanyika, basi. Kipande cha tatu tumekiacha. Ni huzuni, lakini hatukuona njia nzuri ya kukiponya.

Turudi kwenye ncha. Kazi ya kwanza si kukata, ni kupima. Sisi tulianza kwa kukata bila kupima, tukakata mara tatu, na kila mara tulipokitazama kipande kizima, ncha ikachungulia tena mahali fulani. Kosa letu lilikuwa hili: tulisimamisha video mahali popote, tukaona ncha imeshuka kidogo, tukakata kidogo. Lakini panga linazunguka. Katika picha moja ya video liko mbele ya kamera, katika picha inayofuata limekwisha kupita. Tena upepo hauvumi sawasawa. Ukipata pumzi moja kali, droni inainama zaidi kwa sekunde mbili, na ncha inashuka zaidi. Yapasa kutafuta picha mbaya kuliko zote katika kipande, wala si picha ya wastani. Tulifanya hivi: tukapitisha video polepole, picha moja moja mahali palipo na mtikisiko, tukachukua picha tuli za zile mbaya, tukazifungua katika programu ya picha inayoonyesha hesabu ya pikseli chini ya kidole cha panya. Na fanyeni hivyo kwenye ekra kubwa. Katika telefone ya kuongozea droni, pembe za juu zinafunikwa na alama za batri na satelaiti, ndiyo maana mgeni wetu hakuona neno siku ile.

Video yenyewe ina upana wa pikseli 3840 na urefu wa kusimama 2160. Katika kipande cha kwanza, tukiacha sekunde chache ambazo tutazieleza chini, ncha mbaya kuliko zote ilishuka pikseli 170 kutoka juu, na iliingia pikseli 300 kutoka ubavuni. Na hapa iko siri ambayo tulichelewa kuitambua. Ncha iliyo katika pembe ni kama jiwe katika pembe ya shamba. Ukitaka kulima bila kulikuta, waweza kuuacha mstari wa juu wote, au waweza kuuacha mstari wa ubavuni wote. Si lazima uache yote mawili! Mmoja unatosha.

Katika kipande cha kwanza jiwe liko pembe zote mbili. Tukikata ubavuni, tunapoteza 300 kushoto na 300 kuume. Tukikata juu, tunapoteza 170 tu, nayo ni mbingu. Tukachagua juu. Tukaongeza pikseli kumi za usalama, ikawa 180. Urefu uliobaki ni 2160 kutoa 180, yaani 1980. Sasa upana nao sharti upungue kwa kadiri ile ile, la sivyo watu watakuwa wanene au wembamba. Umbo la video ni 16 kwa 9. Gawanya 1980 kwa 9, unapata 220. Zidisha 220 kwa 16, unapata 3520. Kwa hiyo kutoka 3840 tunaondoa 320, na ili katikati ibaki katikati tunatoa 160 kila upande. Ordinatere yetu ni ya zamani, programu kubwa zinailaza, lakini inaweza ffmpeg, ambayo ni ya bure na inaamriwa kwa maandishi tu. Amri ilikuwa hii:

```
ffmpeg -i k1.mp4 -vf "crop=3520:1980:160:180,scale=1920:1080" -crf 18 k1b.mp4
```

Hesabu nne baada ya neno crop zinafuatana hivi: upana unaobaki, urefu unaobaki, umbali wa kuanzia kushoto, na umbali wa kuanzia juu. Neno scale linaishusha picha hata 1920 kwa 1080, kipimo cha projekta yetu. Watu wanaogopa kukata kwa sababu picha iliyokatwa kiisha ikakuzwa inakuwa na ukungu. Lakini sisi hatukukuza kitu. Tulikuwa na pikseli 3520, tulihitaji 1920, bado tulikuwa na akiba nyingi. Kama mgeni angalipiga kwa 1920 tangu mwanzo, kukata kungalitupasa kukuza, na ukungu ungaliingia. Hiyo ni faida moja ya kupiga kwa kipimo kikubwa hata kama utaonyesha kwa kidogo. Neno -crf 18 linaiambia programu isibane sana. Ukiandika hesabu kubwa zaidi, faili inakuwa ndogo lakini maji ya ziwa yanakuwa kama uji. Na angalieni kwamba jina la mwisho ni tofauti na la kwanza. Faili ya asili haiguswi, tumeiweka katika kadi yake na hakuna anayeruhusiwa kuandika juu yake, hata sisi.

Kipande cha pili kilitufundisha zaidi. Ncha ilikuwa pembe ya kuume tu, imeshuka pikseli 210 na kuingia 250 kutoka ubavuni. Mmoja wetu akasema tukate juu kama mwanzo. Lakini juu ya picha ile, upande wa kushoto, ndipo kilele cha mwembe mkubwa kinapoonekana, na mzee mmoja aliyehama pale alikuwa ametuambia, «Wanangu, mkiona mwembe, nyumba yangu ni ya tatu kutoka pale.» Tukikata juu, tunakata kilele cha mwembe. Kuume ni maji matupu. Basi tukakata kuume. Kipimo kile kile cha 3520 kwa 1980 kinaondoa 320 katika upana. Tukazitoa zote 320 upande wa kuume, na hiyo inapita 250 ya ncha, na akiba ya 70. Zile 180 za urefu tukazitoa zote chini, penye mchanga. Kwa hiyo tulianza kushoto kabisa na juu kabisa:

```
crop=3520:1980:0:0
```

Mwembe ukabaki mzima, ncha ikaondoka, na nyumba ya tatu iko pale inaonekana, maji yamefika madirishani. Mzee alipoiona hakusema kitu kwa muda. Kiisha akaomba turudishe nyuma aone tena.

Sasa zile sekunde chache za kipande cha kwanza. Upepo ulipiga pumzi moja kali, na kwa muda wa kama sekunde tatu ncha ya kushoto ilishuka hata pikseli 400. Kama tungekata 400 juu ya kipande chote, tungepoteza mgongo wa milima ya Ubwari, na mtu asingejua tena anatazama upande gani. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kuzitupa sekunde tatu hizo. Ya pili ni kutia kiraka, kama fundi cherehani. Unachukua kipande cha mbingu kilicho karibu, katika sekunde ile ile, na kukilaza juu ya pembe mbaya.

Tulifanya kiraka kwa Shotcut, nayo ni ya bure. Unaweka video ile ile mara mbili, moja juu ya nyingine. Ile ya juu unaifunika yote kwa `Mask: Simple Shape`, unaacha wazi kidirisha kidogo cha mbingu safi karibu na ncha. Kiisha kwa `Size, Position & Rotate` unakisogeza kidirisha hicho kushoto hata kiifunike pembe. Kingo zake uzilainishe, maana mbingu katika pembe za picha huwa na giza kidogo kuliko katikati, na kiraka chenye kingo kali kinaonekana kama kiraka cha kweli cha suruali. Kwa sababu picha ya juu na ya chini ni za wakati mmoja, wingu likitembea, kiraka nacho kinatembea. Kinashindwa pale tu nyuma ya ncha palipo na kitu chenye umbo, kama mstari wa mlima, paa, au ndege, kwa maana utaona mlima umevunjika mahali pa mshono, au ndege wawili mapacha wakiruka pamoja.

Hapo tulibishana sana, na mabishano hayo tunayaandika bila aibu. Mmoja alitaka tutie kiraka kila mahali, tusikate kitu. Wengine tukakataa. Video hii itaonyeshwa kwa watu watakaosema, «Hapa palikuwa nyumba yangu.» Mtu mwingine akiuliza, «Mlibadili nini?», tunataka kuweza kujibu kwa maneno machache. Kukata ni rahisi kujibu: tuliondoa ukingo, yaliyobaki ni yale yale. Kiraka ni kitu kilichochukuliwa hapa kikawekwa pale. Tukakubaliana: kiraka juu ya mbingu tupu, ndiyo, kiraka juu ya nyumba, maji au mstari wa ufuko, hapana kabisa, hata kwa sekunde moja. Na katika karatasi inayokaa pamoja na kadi tuliandika dakika na sekunde ambazo kiraka kipo.

Iko pia njia ya wavivu, nayo si mbaya: kanda nyeusi juu na chini ya picha, kama katika filamu za sinema. Kanda ya juu inazifunika ncha. Lakini ya chini inakula ardhi bure, na kwetu ardhi ndiyo habari yenyewe.

Je, yule mgeni angaliweza kuepuka yote haya siku ile ile? Ndiyo, na kwa jambo dogo ajabu. Tulipiga hesabu. Kioo cha kamera ile kinaona digrii 83 kutoka pembe hata pembe mkabala. Ukilifanyia hesabu umbo la video, kusimama kwake kunakuwa kama digrii 43. Pikseli 2160 gawanya kwa digrii 43, unapata kama pikseli 50 kwa kila digrii. Ncha yetu ilishuka 170. Hiyo ni digrii tatu na nusu tu! Kama angaliizungusha ile gurudumu ndogo ya kamera na kuiinamisha digrii tano chini, pembe za kipande cha kwanza zingalikuwa safi, isipokuwa zile sekunde tatu za pumzi kali, ambazo zingalitaka digrii nane au tisa. Mbingu ingalipungua, na nyumba zingaliingia zaidi. Ni kama yule mtu wa mwavuli akitazama miguu yake badala ya njia: ukingo haumsumbui tena. Mgeni wetu alitaka upeo wa macho uwe katikati kabisa ya picha, na hiyo ni hali inayoita ncha kwa urahisi.

Angaliweza pia kwenda polepole. Droni ile ina mwendo wa tatu, na ule wa kasi, unaoandikwa Sport, ndio unaoinamisha mwili zaidi. Kwa kazi ya kuonyesha mahali, hakuna haja ya kukimbia. Tena angaliweza kupaa juu ya maji na kuitazamisha droni mjini, upepo wa mchana ukiipiga mgongoni. Hapo inainua pua, na pembe zinabaki safi hata ikisimama muda mrefu. Shida ni kwamba alasiri jua liko magharibi, usoni pa kamera, na vivuli vya kipande cha tatu vinaweza kurudi. Sisi tungechagua asubuhi, mbele ya upepo wa ziwani kuamka, droni juu ya maji, kamera inatazama mji na milima ya Fizi nyuma yake, jua liko mgongoni. Huenda bado kuna hewa kidogo inayotoka nchi kavu na kuipiga usoni, lakini kwa kawaida saa hizo ni ndogo, na digrii tano za kamera zinaitosha.

Mwenzetu mmoja alileta ujanja mwingine: kurusha kinyumenyume, pembe zikiwa safi, kiisha katika ordinatere kuigeuza video ianze mwishoni, ili ionekane inakwenda mbele. Tulijaribu kwa kipande kifupi ambacho mgeni alikipiga akirudi. Pembe zilikuwa safi kweli. Lakini katikati ya ghuba palikuwa na mtumbwi, na mvuvi yule akaonekana anapiga kasia huku mtumbwi wake unakwenda nyuma kama umerogwa, na moshi wa jiko moja ufukweni unarudi ndani ya paa. Ujanja huo unafaa mahali pasipo na kitu kinachotembea. Na mjue kwamba droni ile haina macho ya nyuma; ikirudi kinyumenyume itagonga mti bila kujua.

Kwa wale wa mwaka wa tano watakaopokea kazi hii kutoka kwetu, tunaacha hesabu moja ya kipande ambacho bado hatujakigusa. Kinatazama kusini, upepo uko kushoto. Ncha iko pembe ya kushoto peke yake, imeshuka pikseli 130, imeingia 360 kutoka ubavuni. Upande wa kushoto ni maji, lakini mtumbwi wenye watu waliokuwa wakihamisha magodoro unapita pale, na watu hao wanataka uonekane. Juu ni mbingu tu. Andikeni hesabu nne za crop, mlete kwetu mbele ya Jumamosi, na mtuonyeshe mlivyopata upana kutoka katika urefu. Ordinatere itakuwa na umeme wa jua kuanzia saa nne.